Joto la ghafla baada ya hedhi kukoma: maswali yenu na majibu ya mfamasia

Nina miaka 51, niko Tanga. Hedhi imekoma zaidi ya mwaka sasa. Joto linanipanda mara nane, tisa kwa siku, na usiku nalowesha mashuka. Nina presha, natumia amlodipini. Duka la dawa wamenipa vidonge vya majira, wakasema homoni ni homoni. Nivimeze?

Usivimeze, mama. Viweke kando kwanza.

Homoni iliyopungua mwilini mwako ni estrojeni. Ikishuka, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili inakuwa nyepesi mno kushtuka. Kikombe cha chai au chumba chenye watu wengi kinatosha kuifanya ifungue mishipa ya ngozi na kumwaga jasho, kana kwamba umetoka shambani saa saba mchana. Kurudisha estrojeni kidogo kunatuliza hali hiyo kuliko dawa nyingine yoyote tuliyo nayo, na mifupa nayo inalindwa kwa muda wote unaoitumia. Kwa hiyo aliyekuuzia hakukosea kufikiria homoni. Alikosea aina, na kwa mwenye presha kosa hilo ni kubwa.

Vidonge vingi vya majira vina ethinilestradioli, mara nyingi mikrogramu 30, pamoja na homoni ya pili. Tiba ya ukomo wa hedhi hutumia estradioli, ileile iliyokuwa ikitengenezwa na ovari zako, kwa kawaida miligramu 1 au 2 kwa siku. Ukitazama tarakimu utadhani ya majira ndiyo nyepesi, kumbe ni kinyume chake. Ethinilestradioli imeundwa iwe na nguvu ya kuzuia yai lisitoke, na inaliamsha ini litengeneze zaidi protini za kugandisha damu na zile zinazopandisha presha. Ndiyo maana mwanamke aliyefika miaka 50 hashauriwi kuanza vidonge hivyo, na mwenye presha hashauriwi hata akiwa kijana.

Ungekuwa mbele yangu dirishani, ningeanza kwa kukupima presha. Kisha ningekuuliza kama joto lilianza kabla au baada ya amlodipini, kwa sababu dawa hiyo inatanua mishipa na inaweza kuufanya uso uwake, hasa wiki za mwanzo au dozi inapoongezwa. Lakini si kawaida yake kumlowesha mtu usiku. Ningeuliza pia kama kizazi chako bado kipo. Estrojeni ikitumiwa peke yake inanenepesha utando wa ndani ya kizazi, na baada ya muda inaweza kuleta saratani hapo, hivyo mwenye kizazi lazima apewe pamoja nayo projesteroni, homoni ya pili inayoulinda utando huo. Mwishoni ningeuliza kama umewahi kupata damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu, kiharusi, mshtuko wa moyo, saratani ya titi, ugonjwa wa ini, au kutokwa damu kusikojulikana sababu. Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linabadili mazungumzo yote, na hapo daktari bingwa ndiye wa kuamua.

Tuseme presha yako imesoma 136 kwa 84, kizazi kipo, na mengine yote hayapo. Ningekuandikia karatasi umpelekee daktari, nikipendekeza plasta ya estradioli inayotoa mikrogramu 25 au 50 kwa siku, pamoja na projesteroni ya miligramu 100 kila usiku wakati wa kulala. Projesteroni hiyo huleta usingizi, na kwako hilo litakuwa faida. Plasta nyingi hubadilishwa mara mbili kwa wiki. Hubandikwa chini ya kiuno, kwenye tako au nyonga, si kwenye titi, juu ya ngozi kavu isiyo na losheni wala mafuta. Kwa unyevunyevu wa Tanga, ikaushe ngozi vizuri na uibonyeze kwa kiganja sekunde kumi ili isibanduke.

Nachagua plasta kwa sababu dawa inapita kwenye ngozi na kuingia kwenye damu bila kuanzia kwenye ini. Kwa dozi za kawaida haijaonekana kuongeza hatari ya damu kuganda kama vidonge vinavyofanya. Shida ni kwamba si kila duka linazo, na bei yake si ya kila mtu. Zikikosekana, daktari anaweza kukuanzishia kidonge cha estradioli miligramu 1 chenye homoni ya pili ndani yake, mradi presha imetulia na hakuna kingine cha kuhofia. Ingekuwa presha yako imesoma 170 kwa 100, ningesema tuishushe kwanza, homoni zisubiri.

Joto huanza kupungua ndani ya wiki chache, lakini ipe dawa miezi mitatu kabla ya kusema haifanyi kazi. Matone ya damu miezi mitatu hadi sita ya mwanzo hutokea kwa wengi. Yakizidi hapo, au yakiwa mengi, rudi kwa daktari.

Nimeambiwa homoni hizi zinaleta saratani ya matiti. Mama mdogo alifariki kwa ugonjwa huo. Nina miaka 52 na naogopa.

Pole kwa msiba, dada. Hofu yako ina msingi, ila tuipime kwa ukubwa wake.

Nyingi ya habari hizo zilianzia kwenye utafiti mkubwa wa Marekani, ambao sehemu yake ya kwanza ilisitishwa mwaka 2002. Wanawake wenye kizazi waliokuwa wakimeza estrojeni pamoja na homoni ya pili iitwayo medroksiprojesteroni walipata saratani ya titi 38 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Waliokuwa wakimeza vidonge visivyo na dawa walipata 30. Tofauti ni 8. Ipo, na hupanda kadiri miaka ya kutumia inavyoongezeka. Lakini wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, wengi wakiwa wamekoma hedhi zamani, na hilo halikusemwa vya kutosha wakati ule. Waliotolewa kizazi, ambao walimeza estrojeni peke yake, hawakuonekana kupata saratani ya titi zaidi ya wenzao, ingawa kiharusi kiliongezeka kwao pia.

Kutokana na hayo, leo tunasema kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, asiye na vizuizi na mwenye dalili zinazomsumbua kweli, faida kwa kawaida hushinda hatari. Hatuziandiki ili kuzuia uzee au ugonjwa wa moyo.

Mama mdogo mmoja, tena kama aliugua akiwa mtu mzima sana, hakufungii mlango. Kama aliugua kabla ya miaka 50, au kuna wengine upande huohuo wenye saratani ya titi au ya ovari, onana na bingwa kabla ya kuanza. Na kama joto lako unaweza kulivumilia, una haki ya kusema hapana. Hakuna anayelazimika kutumia dawa hizi.

Nilitibiwa saratani ya titi, sasa niko kwenye tamoksifeni. Joto halinipi nafasi hata ya kulala. Kuna dawa isiyo na homoni?

Zipo, na kwako ndiyo njia ya kuanza nayo. Naomba kwanza usiache tamoksifeni kwa sababu ya joto, ingawa yenyewe inachangia. Najua wanaoiacha kimyakimya, na inaniuma kwa sababu ndiyo inayozuia ugonjwa usirudi.

Baadhi ya dawa za sonona hutuliza joto hata kwa mtu asiye na sonona. Wenye tamoksifeni tunawapendelea venlafaksini, miligramu 37.5 kwa siku, ikipandishwa baada ya wiki hadi 75. Kwa wengi hupunguza joto kwa karibu nusu, na utajua ndani ya wiki chache kama inakufaa. Mwanzoni huleta kichefuchefu, inaweza kupandisha presha, na haikatwi ghafla. Jina la kukataa dirishani ni paroksetini. Nayo ni dawa nzuri ya joto kwa wengine, lakini inazuia ini lisiigeuze tamoksifeni kuwa katika hali yake yenye nguvu. Fluoksetini vilevile. Mwonyeshe muuzaji boksi la tamoksifeni kabla hajakupa chochote.

Kama usiku ndio mbaya zaidi, gabapentini miligramu 300 wakati wa kulala inasaidia joto na usingizi pamoja. Inalevya kidogo, kwa hiyo amka kitandani taratibu. Kuna pia fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, inayofanya kazi kwenye ileile sehemu ya ubongo inayosimamia joto. Inahitaji kupimwa ini kabla na baada ya kuanza, na kwa aliyeugua saratani ya titi aamue daktari wake wa saratani.

Vidonge vya soya na mitishamba ya "kurudisha homoni" viache. Ushahidi kwamba vinatuliza joto ni dhaifu, na baadhi vina viini vinavyoiga estrojeni.

Nina 43, hedhi inakuja kwa tarehe zake, lakini usiku natoka jasho na nimepungua mwili. Ni ukomo unaanza?

Sidhani, na nisingekuuzia kitu. Ukomo ukikaribia, kwa kawaida hedhi ndiyo ya kwanza kuvurugika, na joto la ukomo halikondeshi. Jasho la usiku pamoja na kupungua mwili ni sababu ya kupimwa kifua kikuu na VVU wiki hii, hata kama kikohozi ni kidogo au hakuna. Ukiwa hapohapo, waombe wapime tezi ya shingo na sukari.

Nina miaka 58. Tendo la ndoa limekuwa maumivu, na naona haya kulisema.

Umelisema, mama, na tiba yake ni moja ya nyepesi tulizo nazo. Ukavu wa uke, tofauti na joto, hauishi wenyewe kwa kungoja.

Anza na kilainishi cha maji wakati wa tendo. Vaselini haifai, na inaharibu kondomu. Kisipotosha hicho, muulize daktari kuhusu estrojeni ya kuweka ukeni, krimu au vidonge vidogo: kila usiku kwa wiki mbili, halafu mara mbili kwa wiki. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana, hivyo kwa kawaida huhitaji projesteroni juu yake. Tarajia nafuu kamili baada ya miezi miwili, mitatu. Kama UTI zimekuwa zikijirudia, nazo hupungua.

Nilikoma hedhi miaka mitatu iliyopita. Juzi nimeona damu kidogo, kisha ikakata. Dukani wamenipa vidonge vya homoni, norethisteroni.

Usiinywe. Damu yoyote baada ya mwaka mzima bila hedhi ni ya kuchunguzwa, hata tone moja, hata ikikata. Mara nyingi sababu huwa utando uliokonda, lakini ndivyo pia saratani ya kizazi inavyojitambulisha, na ikiwahiwa hapo hutibika. Nenda hospitali wiki hii. Watakuangalia mlango wa kizazi, watapiga picha ya mawimbi kupima unene wa utando, na wakiona umenenepa watachukua kipande kidogo cha kupima. Beba boksi la norethisteroni, na waambie kama umewahi kutumia homoni yoyote, plasta na krimu zikiwemo.