Kokotoa Vizidishi Viwili Kabla ya Kuchagua Projeksheni ya Ramani

Katika kazi yangu ya kutengeneza ramani, swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni projeksheni ipi, yaani njia ipi ya kuulaza uso wa dunia juu ya bapa, iliyo bora, nami kila mara hujibu kwa kuuliza ramani hiyo itatumika kupima nini. Mwaka 1827 Carl Friedrich Gauss alithibitisha kwamba uso uliopinda kama wa tufe hauwezi kulazwa juu ya bapa bila kubadilisha baadhi ya urefu uliomo ndani yake. Kila projeksheni, kwa hiyo, inapotosha kitu fulani: eneo, umbo, mwelekeo au umbali. Ushauri wangu ni kwamba usianze na majina ya projeksheni wala sifa zake zilizoandikwa kwenye programu, bali ukokotoe namba mbili tu kwa ajili ya sehemu unayoishughulikia, kisha namba hizo zikuamulie.

Namba ya kwanza ni kizidishi cha mashariki na magharibi, yaani mara ngapi ramani imerefusha umbali mfupi unaofuata mstari wa latitudo. Ya pili ni kizidishi cha kaskazini na kusini, kinachofuata longitudo. Pale ambapo mistari hiyo inakutana kwenye ramani kwa pembe mraba, vizidishi hivi viwili vinasema karibu kila kitu: ukivizidisha, unapata ni mara ngapi eneo limekuzwa au kupunguzwa, vikiwa sawa, umbo la vitu vidogo limehifadhiwa, vikitofautiana, duara dogo lililochorwa ardhini linageuka duaradufu kwenye ramani. Mfaransa Nicolas Auguste Tissot ndiye aliyeifanya mbinu hii ya viduara kuwa kipimo rasmi katika karne ya 19, na hadi leo sijaona njia iliyo wazi zaidi ya kulinganisha projeksheni.

Tuchukue latitudo ya nyuzi 60, kaskazini au kusini, na tulinganishe projeksheni za silinda. Kwenye tufe, mzingo wa latitudo hiyo ni nusu ya mzingo wa ikweta, kwa sababu kosaini ya nyuzi 60 ni 0.5. Projeksheni ya silinda iliyo sahihi kwenye ikweta inachora latitudo zote kwa urefu uleule wa ikweta, kwa hiyo kizidishi cha mashariki na magharibi hapo ni 2, na hakuna namna ya kukikwepa. Kinachotofautisha projeksheni hizi ni uamuzi wa mtungaji kuhusu kizidishi cha pili.

Ukikiacha kiwe 1, unapata ramani ya kawaida ambayo nyuzi za latitudo na longitudo zimepangwa kama miraba iliyo sawa. Umbali wa kaskazini na kusini ni sahihi kabisa, lakini eneo limekuzwa mara 2 na maumbo yamelazwa kwa upana. Hii ndiyo projeksheni unayoipata bila kuichagua, pale programu inapochora data ya nyuzi moja kwa moja, na kwa sababu hiyo inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi.

Gerardus Mercator, katika ramani yake ya mwaka 1569, alichagua kukifanya kizidishi cha pili kilingane na cha kwanza, yaani 2 kwa 2. Umbo la vitu vidogo likabaki sawa na pembe zikabaki sahihi, lakini eneo kwenye nyuzi 60 likakuzwa mara 4. Johann Heinrich Lambert, mwaka 1772, alikwenda upande wa pili kabisa: alikipunguza kizidishi cha kaskazini na kusini hadi 0.5, na kwa kuwa 2 mara 0.5 ni 1, eneo likabaki sahihi. Gharama yake ni kwamba duara dogo kwenye nyuzi 60 linakuwa duaradufu ambayo upana wake ni mara 4 ya kimo chake.

Projeksheni ya Gall na Peters, ambayo mara nyingi hutajwa kama tiba ya Mercator, ni ileile ya Lambert iliyosogezwa ili iwe sahihi kwenye nyuzi 45 badala ya ikweta. Kwenye nyuzi 60 vizidishi vyake ni takriban 1.41 kwa 0.71. Eneo ni sahihi, na duaradufu ina upana mara 2 ya kimo. Jambo ambalo watu wengi hawalioni ni kwamba kwenye ikweta namba hizohizo zinageuka, 0.71 kwa 1.41, hivyo nchi za ikweta zinarefushwa kwenda juu na kubanwa kwa upana, hadi uwiano wa kimo na upana wake unakuwa mara mbili ya ule halisi. Upotoshaji wa umbo haukuondolewa, uligawanywa upya. Ninawashauri watu waheshimu usahihi wa eneo wa ramani hii bila kudhani kwamba maumbo yake ni ya kweli.

Kwa ramani ya dunia nzima inayoonyesha takwimu kwa rangi, kama msongamano wa watu au misitu, eneo lazima liwe sahihi, kwa sababu jicho la msomaji hujumlisha rangi kwa ukubwa wake. Greenland ina takriban kilomita za mraba milioni 2.17, ndogo kidogo kuliko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yenye takriban milioni 2.34, lakini kwenye Mercator Greenland inaonekana kukaribia ukubwa wa Afrika yote, ambayo kwa kweli inaizidi takriban mara 14. Kwa kazi hiyo mimi hutumia Equal Earth, iliyotolewa mwaka 2018, ambayo inahifadhi eneo na inapindisha longitudo ili maumbo ya katikati yasiharibike sana. Upotoshaji wake wa umbo umesukumwa kwenye pembe za ramani, ambako mistari inakutana kwa mshazari. Projeksheni za maelewano kama Robinson na Winkel Tripel zinapendeza kutazamwa ukutani, lakini hazihifadhi eneo wala umbo kikamilifu, na sipimi chochote juu yake.

Mahali ambapo nimeona madhara makubwa zaidi si ukutani bali ndani ya kompyuta. Ramani nyingi za mtandaoni hutumia namna ya Mercator inayotambulika kwa namba EPSG:3857, na vipimo vyake huitwa mita. Mita hizo ni za kweli kwenye ikweta peke yake. Niliwahi kuletewa jedwali la maeneo ya misitu ya nyuzi za juu lililokokotolewa katika mfumo huo, na kila namba ilikuwa karibu mara nne ya ukweli. Dalili ilikuwa rahisi kuiona: uwiano kati ya namba za jedwali na maeneo yaliyojulikana uliongezeka kadiri misitu ilivyokuwa kaskazini zaidi, na kosa la kawaida la upimaji haliwezi kufuata latitudo kwa utaratibu wa namna hiyo. Katika PostGIS, hifadhidata inayoshughulikia data za ramani, kama data yako imehifadhiwa kwa nyuzi, yaani EPSG:4326, unaweza kulinganisha hivi:

```
SELECT ST_Area(ST_Transform(geom, 3857)) AS mercator,
       ST_Area(geom::geography) AS halisi
FROM misitu;
```

Kwa kipande cha kilomita 10 kwa 10 kwenye nyuzi 60, safu ya pili itakupa takriban mita za mraba milioni 100, na ya kwanza itakaribia milioni 400. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, na utakuwa umekipata kizidishi cha eneo bila kuandika fomula yoyote.

Umbali unapotoshwa kwa namna inayodanganya zaidi, kwa sababu haukui kwa kiwango kimoja. Tuseme unataka kuonyesha sehemu zote zilizo ndani ya kilomita 2,000 kutoka kituo kilicho kwenye nyuzi 60 kaskazini. Umbali huo ni karibu nyuzi 18, kwa hiyo mpaka halisi unafika nyuzi 78 upande wa kaskazini na nyuzi 42 upande wa kusini. Kwenye Mercator, nafasi ya kutoka kituoni hadi mpaka wa kaskazini ni karibu mara 1.8 ya ile ya kwenda kusini. Mtu anayechora duara kamili kwa bikari ya programu juu ya ramani hiyo anapata jibu lisilo sahihi, kwani mpaka wa kweli unavimba kuelekea ncha na kituo hakimo katikati yake.

Kwa kazi hiyo projeksheni inayofaa ni ile ya azimuthi inayohifadhi umbali, ikiwekwa katikati ya kituo chenyewe. Hapo duara la bikari ni sahihi, na mwelekeo kutoka kituoni pia ni sahihi. Lakini ahadi hiyo inahusu mistari inayopita katikati pekee. Ukiiweka kwenye Ncha ya Kaskazini, umbali kutoka ncha hadi ikweta ni wa kweli, ilhali umbali unaofuata ikweta yenyewe umerefushwa mara 1.57. Usiitumie kupima baina ya miji miwili ambayo hakuna hata mmoja ulio katikati.

Kuhusu mwelekeo, Mercator ina heshima yake ya haki: mstari mnyoofu juu yake ni safari inayoshika pembe moja ya dira tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, mstari huo si njia fupi. Sehemu mbili zilizo kwenye nyuzi 60, zikitenganishwa na nyuzi 90 za longitudo, ziko umbali wa takriban kilomita 5,000 ukifuata latitudo, na takriban 4,600 ukifuata njia fupi inayopanda hadi karibu nyuzi 68 katikati ya safari.

Ikiwa eneo lako ni nchi moja au jimbo, huna sababu ya kuchagua kati ya umbo na eneo kwa ukali huu. Tengeneza projeksheni ya azimuthi ya Lambert inayohifadhi eneo, ukiiweka katikati ya sehemu yako, kwa mfano kwa kuipa programu ya ramani mstari huu, kwa kituo cha nyuzi 60 kaskazini na 20 mashariki:

```
+proj=laea +lat_0=60 +lon_0=20 +datum=WGS84 +units=m
```

Kwa umbali wa nyuzi 10 kutoka katikati, yaani karibu kilomita 1,100, vizidishi vyake ni takriban 0.996 kwa 1.004. Eneo ni sahihi kabisa, na umbo linapotoka kwa chini ya asilimia 1, kiasi ambacho jicho halikioni. Kwenye nyuzi 90 kutoka katikati vinafika 0.71 kwa 1.41, kwa hiyo usiipeleke nusu ya pili ya dunia. Hifadhi data yenyewe kwa nyuzi, tumia projeksheni hii kwa vipimo, na uandike mstari huo wa maelezo kando ya kila jedwali la matokeo, ili atakayelipokea aweze kukokotoa vizidishi vyake mwenyewe.