Kuandika Kadi ya Vyakula kwa Karamu ya Nyumbani

Anayeandika kadi ya vyakula kwa mara ya kwanza hukimbilia sifa: samaki mtamu ajabu, wali wenye ladha ya kipekee. Nami nilianza hivyo hivyo, mpaka shemeji yangu alipoisoma kadi yangu mezani, akaiweka chini na kuuliza, “Sasa huyu samaki umemchoma au umemkaanga?” Tangu siku hiyo naandika kile ambacho mgeni anaweza kukiona na kukinusa kabla sahani haijamfikia.

Chukua samaki wa kupaka. Jina liandikwe juu peke yake, na chini yake mistari miwili, maneno yasiyozidi 25. Rasimu yangu ya kwanza ilisema: “Samaki mtamu wa Pwani aliyepikwa kwa viungo maalumu.” Nikaifuta, nikafuata mwendo wa mapishi yenyewe: “Changu mzima aliyekolezwa kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, akachomwa juu ya makaa huku akipakwa tui zito la nazi lenye ukwaju.” Hapo vitenzi ndivyo vinavyobeba mzigo, na ukwaju nimeuweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu uchachu wake ndio unaobaki ulimini. Ukiongeza bizari, pilipili manga na giligilani, hata kama zimo chunguni, kadi itageuka karatasi ya kwendea sokoni.

Kadi pia humuumbua mpishi. Nilipomaliza kuandika wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha wa nazi, niliona neno “nazi” mara tatu, na kosa halikuwa la lugha bali la mpango wa chakula: wageni wangekinai kabla ya sahani ya pili. Sikutafuta kisawe cha nazi; nilibadilisha mchicha, nikaukaanga kwa kitunguu na nyanya, ukaandikwa kwa mstari mmoja tu. Kachumbari haihitaji maelezo kabisa, kwani kila mtu mezani anaijua.

Jina la samaki lijazwe baada ya kutoka sokoni, maana umekusudia changu na huenda ukarudi na tasi. Karanga, korosho na kamba zitajwe waziwazi hata kama zimesagwa na hazionekani, kwa kuwa wapo wageni wanaodhurika kwa kuvila vyakula hivyo, na wengine huona haya kuuliza mbele ya watu.

Mwisho, usiahidi kisichoweza kungoja. Kaimati zikitoka kwenye mafuta na kuingia katika shira, ngozi yake huwa kavu kwa muda mfupi tu, kisha hulainika. Kama utazikaanga alasiri na kuziandaa usiku, acha kuandika “zinazokatika jinoni”, uandike: “Kaimati laini zilizolowa shira ya iliki, pamoja na kahawa chungu.”