Mtoto amepigwa kibuti: nyimbo za kumpa, na zipi uziache kwanza

Mzazi hupata habari za mapenzi ya mwanawe kupitia spika. Mimi nilijua mwanangu wa kidato cha tatu ameachwa kabla hajaniambia chochote, kwa sababu chumbani kwake kulikuwa kunapigwa wimbo mmoja tu, ukiisha unaanza upya. Chakula anakigusagusa, simu haitoki mkononi, na wimbo wenyewe ni "Nataka Kulewa" wa Diamond Platnumz, wa mwaka 2012, ambapo yeye alikuwa hajaanza hata chekechea. Ni wimbo wa mtu aliyeumizwa na mapenzi anayeona bora pombe imsaidie. Nikajisemea, hapa kuna binti wa watu.

Sikumzimia wimbo. Ukimzimia mtoto wimbo anaolilia, umemwambia huzuni yake ni upuuzi, na kesho yake ataweka visikilizio masikioni na hutajua tena anasikiliza nini. Nilienda kukaa mlangoni na vitunguu vyangu, nikamenya huku nasikiliza. Baada ya muda nikauliza, "Baba, huyu naye ameachwa?" Akajibu, "Ameachwa, mama." Tukaishia hapo kwa siku hiyo.

Kuna sababu ya kuanzia kwenye wimbo wake. Wanaotibu kwa muziki wana kanuni iliyotokana na daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Ira Altshuler, tangu miaka ya 1940: muziki wa kwanza ulingane na hali aliyonayo mgonjwa, kisha ubadilishwe kidogo kidogo kuelekea hali unayotaka aifikie. Mwenye huzuni ukimpigia wimbo wa kuruka ruka saa hiyo hiyo, atakuona humwelewi. Kwa hiyo usianze na singeli, hata kama wewe ndiyo inayokuchangamsha.

Sasa, unabadilishaje? Watu wengi huangalia mdundo, wa polepole au wa haraka. Mimi naangalia kwanza wimbo unamsemesha nani. Kijana wa miaka 16 aliyeachwa hasikilizi kama sisi, anaazima maneno ya mwimbaji na kuyafanya yake. Wimbo ukimsemesha yule aliyemwacha, naye atataka kumwandikia. Ukimsemesha mbaya wake, atatafuta ugomvi. Ukijisemesha wenyewe, ndipo anapoanza kufikiri.

Mfano ni "Kamwambie", wimbo uliomtoa Diamond. Ni mzuri, na wa watu wa rika la mwanangu kabisa, lakini jina lake tu ni amri ya kutuma mjumbe. Mwanangu aliuweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Kabla ya magharibi rafiki za yule binti walikuwa wameshapiga picha ya skrini, na ikazunguka darasani. Wimbo hauna kosa lolote, ila kwa wiki zile za mwanzo ni kumpa mtoto bahasha iliyokwisha kuandikwa anwani. Nilimwomba kitu kimoja tu: asikilize anachotaka, ila nyimbo zisiende kwenye stetasi. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea, nadhani kwa sababu ya ile picha.

Wimbo niliompa mimi wa kwanza ulikuwa "Malaika". Najua, mtasema huo ni wa kwenye harusi na wa kuimbiwa watalii hotelini. Ndiyo shida yake, tumeuzoea mpaka hatusikii tena maneno. Usikilize upya ukiwa na mtoto aliyeachwa. Kijana anampenda msichana, anataka kumuoa, hana mali. Ndiyo hadithi nzima. Anajiita "kijana mwenzio", halafu anakiri kwamba ameshindwa kwa kuwa mali hana. Hamtukani msichana, wala hamlaumu mwanamume mwingine, wala hajidharau. Anasema kilichowatenganisha, kisha anarudia kwamba anampenda. Ni nadra kupata wimbo wa kuachana usio na adui ndani yake.

Kwa mwanangu maneno hayo yalikuwa na uzito wake, kwani yule binti alikuwa amemwambia hana mbele wala nyuma, na alikuwa ameshahamia kwa kijana mwenye pikipiki. Tulikuwa jikoni tunachambua dagaa, wimbo unapita kwenye simu yangu. Ulipofika pale pa pesa kuisumbua roho, mikono yake ikasimama.

"Mama, kwani zamani nako walikuwa wanaachwa kwa sababu ya hela?"

"Mahari ilikuwepo kabla ya pikipiki, baba."

Akacheka kidogo. Halafu akaeleza yote, kuanzia mwanzo, bila mimi kuuliza. Wimbo ulikuwa umeshaisha, dagaa nusu hawajachambuliwa.

Chagua na nani anaimba. Rekodi ya Fadhili William wa Kenya, ambaye ndiye aliyeufanya ujulikane (kuhusu nani hasa aliutunga kuna ubishi wa miaka mingi), ina gitaa jepesi linalotembea, na huzuni yake haikulazi chini. Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya mwaka 1965, na hapo umetulia zaidi. Mimi nilianza na wa Fadhili kwa makusudi. Kwa mtoto ambaye tayari hali chakula, wa Makeba ungeweza kumzamisha. Ule wa Makeba nilimpa baadaye, na aliupenda kuliko wa kwanza, ila alikuwa ameshaanza kula.

Kutoka hapo tukaenda kwenye "Ntampata Wapi", wa Diamond tena, wa mwaka 2014. Huo aliutaja yeye, mimi nikakubali, kwa sababu mwimbaji anajiuliza mwenyewe atampata wapi mwingine kama yule. Swali la namna hiyo linaweza kujadiliwa. Nilimuuliza, "Kama yule kwa lipi?" Akataja tabasamu, akataja namna alivyokuwa anamsaidia hesabu. Nikamwambia ataje na yale ambayo hatayatamani tena. Alinyamaza kidogo, akasema alikuwa haruhusiwi kuongea na marafiki zake wa kike wa darasani. Hilo sikulijua, na sidhani kama ningelijua kwa kumkalisha sebuleni na kumhoji.

Wimbo huo una hatari yake pia. Unamsifu aliyeondoka, na ukirudiwa sana usiku, mtoto anabaki na sifa tu, ubaya wote umefutika. Ndiyo maana nasema usikilizwe mchana, tena pamoja na mtu mwingine. Na kama anatumia YouTube, mwonyeshe pale pa kuzima uchezaji wa mfululizo. Ukiacha mtambo uchague wenyewe, baada ya wimbo mmoja wa machozi utakuletea mwingine wa machozi mpaka bando liishe, na kumbe mtoto hakuchagua hata mmoja.

Wa mwisho katika mpango wangu ulikuwa "Nalivua Pendo" wa Mwasiti, aliyetokea Nyumba ya Vipaji, THT. Sasa hapa mwanangu aligoma. "Mama, huo wa wanawake." Nikamwambia kuachwa hakuna jinsia, asikilize kitenzi tu. Pendo linavuliwa, kama kitu ulichokivaa mwenyewe na mkono wa kukivua ni wako. Nyimbo zote zilizotangulia zinamtazama mtu aliyeondoka. Huu unamrudisha mwimbaji kwenye uamuzi wake. Ndiyo sababu niliuweka mwisho. Ukimpa mtoto wimbo wa kuvua pendo siku ya kwanza, unamwambia asahau kitu ambacho bado anakilia, na atakuitikia "sawa mama" kwa adabu tu. Nilijua mwanangu ameukubali nilipomsikia anaupiga mluzi wakati anapiga pasi sare ya shule. Hakujua nasikia, nami sikusema.

Kuna nyimbo nilizoziacha, ingawa nazipenda. "Sina Makosa" ya Les Wanyika ni dansi tamu ajabu, lile gitaa la besi mtu hawezi kukaa, lakini ni wanaume wawili, kila mmoja ana wake nyumbani, wanakasirikiana kwa ajili ya mwanamke. Ni mambo ya watu wazima wasiotulia, na mtoto wa kidato cha tatu hayamhusu. Na taarabu ya mipasho, hasa kwa wenzangu wenye mabinti, iacheni kwanza. Mpasho unamsemesha mbaya wako hadharani, ndiyo kazi yake na ndiyo raha yake ukumbini. Binti wa miaka 15 akiuchukua shuleni, anajikuta kwenye ugomvi na msichana mwenzake wakati mvulana aliyesababisha yote amekaa pembeni anatazama. Kwa binti ningeanza vilevile na "Malaika", na mwishoni ningeongeza "Ndi Ndi Ndi" ya Lady Jaydee, ya mwaka 2016, ambayo ni wimbo wa mwanamke aliyesimama imara, na hauhitaji adui wa kumjibu.

Kuhusu namna ya kumpa: wimbo mmoja kwa wakati mmoja. Usimtumie orodha ndefu ya viungo usiku wa manane na maneno "sikiliza hizi zitakusaidia", ataziona kama kazi ya nyumbani. Uache upigwe mkiwa na shughuli ya mikono, kupika, kufua, kuosha gari, ambapo hamtazamani usoni. Mtoto wa kiume hasa huongea akiwa ana kitu cha kushika. Na akikupa wimbo wake, usikilize mpaka mwisho, hata kama mashairi unayaona ya hovyo. Baba yake alikuwa anasema "zima huo upuuzi" kila baada ya ubeti. Nilimtuma dukani.

Nyimbo zina mpaka wake. Machozi, kukosa hamu ya kula siku kadhaa, kurudia wimbo mmoja, hayo ni ya kawaida. Lakini akiwa haendi shule, halali, amejitenga hata na marafiki, na hali hiyo inapita wiki mbili bila kupungua hata kidogo, mpeleke kwa mtaalamu. Na akisema anatamani kufa, hata kwa utani, hata kwa kunukuu wimbo, muulize waziwazi siku hiyo hiyo anamaanisha nini, usimwache peke yake, na umfikishe kituo cha afya. Tanzania na Kenya zote zina simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, na kupiga ni bure. Mzazi pia anaweza kupiga kuomba ushauri.

Mwanangu sasa hivi yuko kwenye singeli, sauti mpaka jirani ameshakuja kulalamika mara mbili. Kwa hilo sina wimbo wa kumpa, nimemnunulia visikilizio.