Kotesheni tatu za waya, sarafu tatu: namna ya kupata bei ya mita moja

Waya wa umeme wa milimita za mraba 2.5 wa kori moja ni bidhaa ambayo kila fundi anaijua, na bado ndiyo inayowapoteza wanunuzi wengi. Mmoja anauza kwa roli, mwingine kwa mita, mwingine kwa roli ambayo si sawa na ya yule wa kwanza. Huyu ameweka VAT ndani, yule ameiacha nje, na wa tatu hakusema kitu. Tuuchukue waya huo huo, tupige hesabu hadi mwisho.

Tuseme kampuni ya ujenzi Dar es Salaam, iliyosajiliwa VAT, inahitaji mita 9,000. Duka la Kariakoo limetoa Sh 120,000 kwa roli, VAT ikiwamo, mzigo unafikishwa saiti, mkopo wa siku 30. Kiwanda cha Nairobi kimetoa KES 52 kwa mita, bila VAT, mzigo uchukuliwe godauni kwao (EXW), nusu ya fedha kabla. Muuzaji wa Dubai ametoa AED 96 kwa roli, CIF Dar es Salaam, yaani nauli na bima hadi bandarini zimo, fedha zote kabla, na hauzi chini ya roli 120.

Kabla ya kugusa sarafu, anza na kipimo. Roli ina mita ngapi? Neno "100" kwenye kotesheni ya waya mara nyingi ni yadi, na yadi 100 ni mita 91.44. Kuna pia roli za mita 90 na roli za mita 100 kamili, na zote zinaitwa "roli" tu. Ukidhani ni mita 100 kumbe ni yadi, umeikosea bei kwa zaidi ya asilimia 8, na saiti utapungukiwa waya fundi akiwa tayari kwenye ngazi. Usikisie. Mwandikie muuzaji akuandikie idadi ya mita kwenye profoma yenyewe. Jibu la simu halitakusaidia mzigo ukifika pungufu. Katika mfano wetu Kariakoo na Dubai wote wanauza yadi 100, na Nairobi anauza mita kweli.

Hapo hapo hakikisha mnazungumzia waya mmoja. Shaba ya waya wa 2.5 ina uzito wa takriban gramu 22 kwa mita. Ukipata sampuli, kata mita 10, vua plastiki yote, pima shaba peke yake: inapaswa kukaribia gramu 220. Ikisoma pungufu sana, labda gramu 150 au chini, ama waya ni mwembamba kuliko ulivyoandikwa, ama ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Ukikwangua uzi mmoja kwa kisu utaona weupe ndani. Kipimo cha uhakika zaidi ni ukinzani: kiwango cha IEC 60228 kinataka usizidi omu 7.41 kwa kilomita kwa nyuzijoto 20, yaani omu 0.741 kwa mita 100. Kotesheni ya waya unaoshindwa hapo itoe kabisa kwenye ulinganisho. Hiyo ni bidhaa nyingine, na bei yake haina cha kulinganishwa nacho.

Sasa VAT. Kampuni iliyosajiliwa hurudishiwa VAT ya manunuzi kupitia ritani zake, kwa hiyo ilinganishe bei bila VAT. Ambaye hajasajiliwa alinganishe pamoja na VAT, maana kwake hiyo ni gharama kamili. Kosa linalojirudia ni kutoa asilimia 18 ya bei badala ya kugawa kwa 1.18. Kwa roli yetu ya Kariakoo, 120,000 ukigawa kwa 1.18 unapata 101,695. Ukitoa asilimia 18 unapata 98,400, na tayari umempendelea muuzaji kwa zaidi ya Sh 3,000 kila roli bila kujua.

Kwenye sarafu, sheria ni tarehe moja, chanzo kimoja, na bei ya kuuza ya benki yako. Wewe ndiye unayenunua fedha za kigeni, kwa hiyo wastani unaoonyeshwa mtandaoni si bei utakayolipa. Kwa mfano huu tuchukue dola moja kwa Sh 2,600, dirhamu moja kwa Sh 710 na shilingi moja ya Kenya kwa Sh 20. Weka viwango vya siku yako. Dirhamu ina uzuri wake: imefungwa kwenye dola kwa 3.6725, kwa hiyo ukigawa 2,600 kwa 3.6725 unapata 708. Benki ikikuambia 710, ni sawa. Ikikuambia 740, iulize kama ni nafuu kumlipa muuzaji kwa dola. Na kama muuzaji wa hapa hapa Tanzania amekuandikia bei kwa dola, mrudishie aiandike upya. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 haziruhusu bidhaa na huduma za ndani kutajiwa bei kwa fedha za kigeni, na ukibadilisha mwenyewe utakuwa umebeba wewe hatari ya kiwango.

Kwenye Excel, mstari mmoja kwa kila muuzaji unatosha. B ni bei kama ilivyo kwenye karatasi, C ni VAT iliyomo ndani (0.18 au 0), D ni mita kwa kila kipimo kinachouzwa, E ni kiwango cha sarafu, 1 kwa bei ya shilingi ya Tanzania, na jibu linakaa F:

```
=B2/(1+C2)*E2/D2
```

Majibu: Kariakoo Sh 1,112 kwa mita, Nairobi 1,040, Dubai 745. Ukiona kosa la ajabu hapa, kama #VALUE!, tazama namba ulizonakili kutoka PDF. Wapo wanaoandika 1.250,00 kwa maana ya elfu moja mia mbili hamsini, na Excel hulisoma hilo kama maneno.

Wengi huishia hapo, wakamwandikia mtu wa Dubai oda. Lakini bei hizi tatu zimesimama mahali patatu tofauti: moja saiti, moja godauni Nairobi, moja bandarini. Zisogeze zote hadi saiti. G ni ushuru wa forodha, H ni jumla ya gharama za njiani na za kutoa mzigo, I ni jumla ya mita za oda:

```
=F2*(1+G2)+H2/I2
```

Nairobi: usafiri hadi Dar na wakala wa forodha Namanga tuweke Sh 700,000. Ukigawa kwa mita 9,000 ni Sh 78, jumla 1,118. Ushuru ni sifuri, lakini kwa sharti moja tu: mzigo uwe na cheti cha uasili cha Afrika Mashariki. Waulize kabla ya kulipa kama waya umetengenezwa Kenya au wameuagiza nje wakabadilisha lebo. Cheti kikikosekana na ushuru ukawa, tuseme, asilimia 25, unaongeza Sh 260 na ushee kwa kila mita, na Nairobi anakuwa ghali kupita wote. Kiwango halisi kinategemea namba ya HS, yaani namba ya bidhaa ya forodha, ndani ya kundi la 8544, kwa hiyo mpe wakala wako maelezo kamili ya waya akupe namba kwanza.

Dubai: CIF inaishia bandarini. Kushusha, ghala, wakala, taratibu za ubora za TBS na lori la kupeleka saiti ni juu yako. Tuweke Sh 1,600,000. Roli 120 ni mita 10,973, na kwa ushuru ule ule wa asilimia 25 unapata Sh 1,078 kwa mita. Ile 745 imeyeyuka. Tena 1,078 ni kweli kama mita 1,973 za ziada zina kazi. Kama zitalala stoo, gawa gharama yote ya Sh 11,824,000 kwa mita 9,000 unazozihitaji: Sh 1,314. Andika namba zote mbili kwenye jedwali, kisha mwulize meneja wa mradi ipi ndiyo kweli yake. Angalizo la fomula: kwa EXW yenye ushuru, nauli na bima huingia kwenye thamani ya forodha, kwa hiyo ziongeze kabla ya kuzidisha.

Yamebaki malipo. Kama fedha ya benki inakugharimu asilimia 18 kwa mwaka, mkopo wa siku 30 wa Kariakoo una thamani ya Sh 16 kwa mita, na bei yake inashuka hadi 1,096. Dubai umelipa zote siku 45 kabla ya mzigo, ongeza Sh 16 au 17, inakuwa 1,094. Nairobi nusu kwa siku 14 ni kama Sh 4, inafika 1,122. Kwa hao wawili wa nje kumbuka pia VAT inayolipwa mpakani au bandarini. Itarudi, lakini kwa mzigo wa Dubai ni kama Sh 1,840,000 taslimu siku ya kutoa mzigo.

Sasa Kariakoo na Dubai wametofautiana kwa Sh 2 kwa mita. Hapo tarehe ndizo zinazoamua, na ndizo zinazoandikwa ovyo kuliko kitu kingine. "Siku 45" za Dubai zinaanza lini: kotesheni ilipotolewa, fedha ilipotumwa, au ilipoingia kwake? Zinaishia meli kuondoka au mzigo kufika? "Ipo stoo" ya Kariakoo je, ni yako au ni ya atakayetangulia kulipa? Badilisha kila ahadi kuwa tarehe ya kalenda ya mzigo kufika saiti, na mwombe muuzaji aithibitishe kwa maandishi.

Uhai wa bei nao uandike kwa tarehe. Bei ya waya hufuata shaba ya soko la LME London, ndiyo maana muuzaji makini hakupi miezi mitatu. Tuseme kotesheni zote ni za tarehe 4: ya Dubai ina siku 5, Kariakoo siku 7, Nairobi siku 30. Kama kamati yenu ya manunuzi inakaa tarehe 15, kotesheni mbili kati ya tatu zitakuwa zimekufa mezani, na jedwali lako litaonyesha bei ambazo hakuna anayewajibika nazo. Weka safu ya "mwisho wa bei" na nyingine ya "tarehe ya kuidhinisha", paka rangi nyekundu pale ya kwanza inapotangulia ya pili, na siku moja kabla ya kikao omba barua ya kuongeza muda. Akikujibu kwa bei mpya, ingiza hiyo bei mpya pamoja na kiwango cha sarafu cha siku hiyo kwa wauzaji wote watatu, hata wale ambao bei zao hazikubadilika.