Semina ya mikataba: bajaji ya Hamisi na meseji ya Rehema

"Wakuu, naomba msaada wa swali la semina. Jumatatu Hamisi alimwandikia Rehema: 'Nakuuzia bajaji yangu kwa milioni 6, nakusubiri mpaka Ijumaa.' Jumanne Rehema akauliza: 'Unaweza kupokea kwa awamu mbili?' Hamisi hakujibu. Jumatano mchana akamuuzia Juma, na usiku akamtumia Rehema WhatsApp kwamba ofa imefutwa. Rehema hakuwa na bando. Alhamisi saa 2 asubuhi akatuma SMS: 'Nimekubali, milioni 6 taslimu.' Saa 3 akanunua bando akaona ujumbe wa Hamisi. Hamisi alisoma SMS saa 4. Mkataba upo? Sheria ni ya Tanzania."

Mkuu, mimi nasema upo, ila alama ziko kwenye njia ya kufika hapo. Nimesahihisha maswali ya aina hii vya kutosha, na wengi hukwama Jumanne. Wakiona Rehema kataja awamu, wanarukia Hyde dhidi ya Wrench (1840), wanasema ofa ilikufa. Katika kesi ile mnunuzi wa shamba la pauni 1,000 alitaja bei yake mwenyewe, 950. Hiyo ni ofa mpya, na inaua ya kwanza. Rehema hakutaja sharti lolote, aliuliza tu.

Kesi yako ni Stevenson dhidi ya McLean (1880), na aliyetunga swali hili bila shaka alikuwa nayo mezani. Wanunuzi wa chuma waliuliza kwa simu ya maandishi kama muuzaji angekubali kuwapa miezi miwili, yeye akanyamaza akamuuzia mwingine. Saa 7:25 mchana akawapelekea taarifa kwamba ameshauza. Saa 7:34 wao wakatuma ukubali. Taarifa yake ikawafikia saa 7:46. Mahakama ikasema kuuliza si kukataa, na kufuta ofa kulikofika baada ya ukubali kutumwa hakukufaa kitu.

Kuhusu "nakusubiri mpaka Ijumaa", usiandike kwamba Hamisi alifungwa mpaka Ijumaa. Rehema hakumpa chochote kwa ahadi hiyo ya kusubiri. Angempa hata elfu hamsini ili amshikie bajaji, hapo ungekuwa mkataba mdogo wa pembeni wenye malipo yake. Bila hivyo, kifungu cha 5 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinamruhusu kufuta wakati wowote kabla ukubali haujakamilika dhidi yake. Malipo ya mkataba mkuu hayana shida: ahadi ya milioni 6 kwa ahadi ya bajaji. Sentensi moja inatosha, usipoteze ukurasa.

Sasa panga saa, maana ugomvi wote uko hapa. Chini ya kifungu cha 4, kufuta kunambana Rehema pale anapopata habari, yaani saa 3. WhatsApp iliyokwama kwa kukosa bando haijampa habari. Ukubali unambana Hamisi pale unapotumwa na kutoka mikononi mwa Rehema, yaani saa 2. Saa 2 inatangulia saa 3, Rehema anashinda.

Wakili wa Hamisi atapinga. Atasema kanuni hiyo ni ya barua za posta, na kwa mawasiliano ya papo hapo kesi ya Uingereza ya Entores (1955) inataka ukubali umfikie mtoa ofa. Mahakama ya Juu ya India nayo ilifuata njia hiyo kwa simu mwaka 1966, na Sheria yetu ilichotwa kwenye ile ya India ya 1872. Mpe hoja yake nafasi, kisha uliza: kufika ni kuingia kwenye simu au kusomwa? Ikiwa ni kuingia, SMS iliingia saa 2 na Rehema bado anashinda. Hamisi anashinda tu kama kufika maana yake ni kusoma saa 4, na mimi sioni mahakama ikimzawadia mtu kwa kuchelewa kufungua simu yake. Hata hivyo, andika wazi kwamba kifungu cha 4 kinazungumzia kutuma, si kufika. Ni hoja ya maandishi ya Bunge, ina uzito kuliko kesi ya Uingereza.

Mwalimu akikubadilishia, eti Rehema aliambiwa na dereva mmoja kijiweni Jumatano kwamba bajaji imeuzwa, ndipo Dickinson dhidi ya Dodds (1876) inaingia: habari ya mtu wa pembeni wa kuaminika ilitosha. Ila kifungu cha 6 kinataja taarifa itolewe na mtoa ofa mwenyewe, kwa hiyo usiibebe kesi hiyo kichwa kichwa.

Bajaji yenyewe Rehema haipati. Juma aliinunua Jumatano, kabla mkataba wa Rehema haujazaliwa. Anachodai ni fidia chini ya kifungu cha 73: kama bajaji ya hali ile sokoni ni milioni 6.8, anadai laki nane. Kama anaipata kwa milioni 6 ileile, ameshinda kesi lakini mfukoni haingii kitu cha maana.