Tovuti ya chama cha wakulima: mnunuzi anataka kujua kilicho ghalani leo

Wiki iliyopita shule moja ya bweni ya Arusha ilichukua maharage ya chama chetu. Afisa manunuzi wao hakuwa na ndugu wala dalali huku Moshi. Aliona ukurasa wetu, akabonyeza namba, wakaelewana na meneja, lori likaja. Nina furaha kubwa, maana kwenye kikao kimoja niliambiwa na mzee mmoja mbele ya wanachama kwamba tovuti ni mambo ya vijana wa mjini, mkulima anahitaji lori. Maneno yale bado yananiuma.

Tangu habari isambae, wenzangu wanaotengeneza tovuti za AMCOS zao, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, wananiuliza nilitumia programu gani. Ndugu zangu, programu si kitu. Ukurasa wetu ni mwepesi, picha chache, unafunguka hata kwenye simu ya bei ya chini. Kazi yote iko kwenye sehemu ya msimu, na hapo ndipo tovuti nyingi za vyama zinapoanguka.

Nyingi huweka jedwali la miezi: maharage Juni na Julai, kahawa kuanzia Julai, ndizi mwaka mzima. Si uongo, ila mnunuzi hawezi kukodi gari kwa jedwali hilo. Masika yakichelewa, mavuno yanasogea. Tena wanachama wetu wengine wako tambarare na wengine juu mlimani kwenye baridi, ambako zao lile lile hukomaa nyuma ya wenzao wa chini. Kwa hiyo miezi tumeiacha kama makadirio tu, na pembeni yake tumeandika hali ya leo pamoja na tarehe ya kusahihishwa. Bila tarehe, mnunuzi hajui kama "yapo" ni ya jana au ya mwaka juzi.

Chukua hayo maharage, Lyamungo 90. Tuna hali nne: yako shambani, yanaanikwa, yako ghalani, yamekwisha. Hiyo ya pili niliipigania. Mtu wa mjini akisikia yamevunwa anadhani yako tayari, kumbe bado kuanika, kupura, kupepeta na kuchambua. Akija mapema anakuta maharage yana unyevu; akiyabeba yanaota ukungu stoo kwake, na lawama zinarudi kwa chama. Kwetu neno "ghalani" haliandikwi mpaka meneja apime unyevu kwa chumvi. Anachukua chupa kavu ya kioo, anatia chumvi kavu na maharage kidogo, anafunga, anatikisa, anaacha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, maharage yanarudi kwenye turubai. Ikishuka yote chini, yanapimwa kwenye mizani na kiasi kinaandikwa kwa kilo. Kwa kilo, jamani! Ukiandika magunia, mwenzako anawaza lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, na mmeshaanza kugombana kabla ya kuonana.

Mawasiliano nayo yana mtego wake. Fomu ya kujaza barua pepe tuliiondoa, kwa sababu hakuna ofisini anayeifungua. Tumeweka kitufe cha kupiga na cha WhatsApp, kila zao na chake, ili ujumbe ufike ukiwa tayari umetaja zao:

```
<a href="https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Naulizia%20maharage">Uliza maharage</a>
```

Namba inaanza na 255, haina alama ya kujumlisha, na ile sifuri ya mwanzo inatoka. Zikihesabiwa ziwe tarakimu 12. Ukiiacha sifuri ndani, kitufe kinaonekana kizima lakini WhatsApp inasema namba si sahihi. Kibonyeze mwenyewe kwa simu nyingine kabla hujakabidhi. Na laini iwe ya chama. Chama kinachotangaza namba binafsi ya katibu kinampoteza mnunuzi siku katibu anapobadilishwa kwenye uchaguzi.

Kahawa hatukuiwekea kitufe cha kununua. Ina utaratibu wake wa leseni na mnada chini ya Bodi ya Kahawa, kwa hiyo ukurasa unaeleza tu kwamba tunalima arabika na msimu wake ni lini. Msimwahidi mnunuzi kitu ambacho chama hakiruhusiwi kumpa.

Kazi ya kusahihisha mpeni mtu mmoja mwenye ufunguo wa ghala. Kwetu ni meneja, kila Jumatatu asubuhi, hata kama hakuna kilichobadilika, kwa sababu tarehe yenyewe ni habari. Maharage yakiisha haondoi ukurasa. Anaandika yamekwisha na mavuno yajayo yanatarajiwa lini, na kila anayeuliza katika kipindi hicho anaingia kwenye daftari: jina, namba, zao, kilo anazotaka. Daftari hilo linasomwa kwenye mkutano wa wanachama kabla ya kupanda Machi, na yule mzee aliyesema habari ya lori sasa ndiye anayeuliza daftari limefika ukurasa wa ngapi.