Kichocheo kinawaka, chujio linazuia, historia haionyeshi kosa: angalia kilichoingia, achana na jedwali kwanza

> Wakuu, nimeunganisha jedwali la oda la Google na Zapier ili oda ikilipiwa dereva atumiwe meseji. Tangu Jumatatu kila oda historia inaandika Filtered na dereva hapati kitu. Nikiangalia jedwali, kolamu ya malipo imeandikwa Ndiyo kabisa. Hakuna kosa lolote linaloonekana. Nimekwama, msaada tafadhali.

Mkuu, `Filtered` haihesabiwi kuwa kosa, ndiyo maana hujaletewa barua pepe ya onyo. Maana yake mstari uliingia, ukafika kwenye chujio, ukaulizwa swali, jibu likawa hapana, safari ikaishia hapo. Kwa upande wa mfumo kazi imekwisha salama. Hata `tasks` zako za mwezi hazijaguswa, maana hatua ya chujio haihesabiwi na ile ya meseji haikufikiwa. Sasa kinachotafutwa ni kimoja tu: chujio liliona nini dakika ile lilipoulizwa? Nasema dakika ile, kwa sababu mimi nilipoteza siku nne nikikodolea macho jedwali la sasa hivi.

Nauza gesi ya kupikia hapa Dodoma. Mteja anajaza fomu ya Google, oda inatua kwenye jedwali, halafu wifi yangu (mke wa kaka, si ile ya intaneti) anasubiri meseji ya M-Pesa. Akiiona, anaandika Ndiyo kwenye kolamu ya Imelipwa. Hapo ndipo kijana wa bodaboda anatakiwa apate meseji yenye mtaa na ukubwa wa mtungi. Kichocheo changu kilikuwa `New Spreadsheet Row`, na chujio lilikuwa na sharti moja:

```
Only continue if...
Imelipwa   (Text) Exactly matches   Ndiyo
```

Nilipolijaribu wakati naliunda, lilipita bila shida. Nikawasha, nikajipongeza, nikalala. Kesho yake wateja watatu wakapiga simu kuuliza gesi iko wapi. Nafungua historia, nakuta `Filtered` tatu. Nafungua jedwali, nakuta Ndiyo tatu. Nikaamini mfumo umeharibika.

Siku ya nne ndipo nikafungua tukio moja kwenye `Zap history` na kulisoma kwa utulivu. Ukibonyeza tukio, utaona hatua zake zimepangwa kuanzia ya kwanza. Usianzie kwenye chujio. Fungua hatua ya kichocheo uangalie `Data out`, maana hapo kuna nakala ya mstari kama ulivyokuwa ulipochukuliwa. Kwangu kulikuwa na jina la mteja, simu, mtaa, mtungi wa kilo 15, lakini Imelipwa ilikuwa tupu.

Nikarudi kwenye jedwali kupitia kompyuta, nikabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ile seli ya Ndiyo, nikachagua `Show edit history`. Google ikanionyesha nani aliandika na saa ngapi. Fomu ilikuwa imeingia saa 1:42 usiku. Tukio la Zapier lilikuwa la dakika hiyo hiyo au inayofuata. Wifi aliandika Ndiyo saa 2:05, baada ya pesa kuingia. Chujio liliulizwa kama imelipwa dakika ishirini na kitu kabla haijalipwa, likajibu ukweli. Na wifi alipoandika baadaye, hakuna aliyeuliza tena, kwa sababu kichocheo cha mstari mpya kinawaka mara moja kwa kila mstari. Kujaza seli kwenye mstari uliokwishaingia hakikihusu.

Na lile jaribio lililopita? Unapojaribu, mfumo unatumia mstari wa mfano ulioko kwenye jedwali tayari. Mimi niliupa oda ya wiki iliyopita, iliyolipwa na kufungwa zamani. Ingeshindwaje? Ukitaka kujaribu kwa haki, jaza fomu mwenyewe kama mteja, kaa dakika kadhaa, ndipo uandike Ndiyo kwa mkono.

Kwa maelezo yako naona dalili ile ile, ila usinichukulie kwa maneno, fungua `Data out` ya oda moja ya Jumatatu. Ukikuta kolamu ya malipo iko tupu, tiba ni kubadilisha kichocheo kuwa `New or Updated Spreadsheet Row`. Ukikichagua kitakuuliza `Trigger Column`. Weka kolamu ya malipo peke yake, usiache kikae kwenye kolamu zote. Nitakuambia sababu hapo chini. Ukimaliza bonyeza `Publish`, maana mabadiliko yaliyobaki kwenye rasimu hayafanyi kazi hata kidogo. Hilo pia lilinila jioni nzima.

Baada ya hapo historia itakuwa na sura usiyoitegemea, usishtuke. Oda ikiingia bado haijalipwa, mstari mpya nao unawasha kichocheo, kwa hiyo utaona `Filtered`. Malipo yakithibitishwa unaona tukio la pili, hilo sasa limefika mwisho. Oda moja, matukio mawili, la kwanza limezuiwa. Ndivyo inavyotakiwa iwe.

Kuna mtego mmoja kwenye kichocheo hiki. Kinakumbuka thamani zilizowahi kukaa kwenye seli. Ukifuta Ndiyo ukaandika Ndiyo tena, hakiwaki, kwa sababu hiyo kimeshaiona. Ndiyo maana zile oda zako za tangu Jumatatu usihangaike kuziamsha kwa kufuta na kuandika upya. Mtumie dereva kwa mkono, yaishe. Mimi zilikuwa kumi na moja, nilizituma moja moja nikiwa nimekaa kwenye ngazi za duka.

Basi, nikadhani nimemaliza. Wiki moja ikapita vizuri, halafu oda mbili zikazuiwa tena. Safari hii `Data out` haikuwa tupu. Moja ilisema Ndio. Wifi siku hiyo alikuwa kwenye daladala anaandika kwa simu, na wewe unajua nusu ya nchi tunaandika Ndiyo na nusu Ndio. Kwa `Exactly matches` hayo ni maneno mawili tofauti, kama vile ndiyo ya herufi ndogo ilivyo tofauti na Ndiyo ya herufi kubwa.

Ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Ilisema Ndiyo, herufi kubwa, y ipo, kila kitu. Nikaenda kwenye jedwali, pembeni ya mstari ule nikaandika:

```
=LEN(F2)
```

Jibu likaja 6. Ndiyo ina herufi tano. Ya sita ilikuwa nafasi tupu mwishoni, ile simu inayoongeza yenyewe ukichagua neno kwenye mapendekezo ya kibodi. Kwa jicho huwezi kuiona, kwenye historia huwezi kuiona, lakini chujio linaihesabu.

Ushauri ambao watu wengi watakupa hapa ni kubadilisha `Exactly matches` kuwa `Contains`. Nilifanya hivyo kwa siku moja. Nilikuwa nimeweka litafute "lipa", nikifikiri litakamata "amelipa" na "kalipa" kwa pamoja. Likakamata na "bado hajalipa". Kiswahili chetu kinaweka ukanusho mwanzoni mwa neno na kuuacha mzizi palepale, kwa hiyo ukitafuta kipande cha neno, anayelipa na asiyelipa wanapita mlango mmoja. Bodaboda alipeleka mtungi kwa mtu ambaye hakuwa ametoa hata senti. Bahati nzuri mteja alikuwa muungwana. Hata "Ndiyo" yenyewe kwa `Contains` inapitisha "Ndiyo, ila kesho".

Nilichobaki nacho mpaka leo ni kumnyang'anya mwandishi uhuru wa kuandika. Nimeichagua kolamu yote ya Imelipwa, nikaweka orodha kunjuzi yenye Ndiyo na Hapana tu, na nikaamuru jedwali likatae kitu kingine chochote. Wifi anagusa, hachapi. Chujio limebaki na `Exactly matches` yake na halijanisumbua tena kwa sababu ya tahajia. Kama kwako kolamu inajazwa na mfumo mwingine na huwezi kuiwekea orodha, weka hatua mbili za `Formatter` kabla ya chujio, aina ya `Text`, moja ya `Trim Whitespace` na nyingine ya `Lowercase`, halafu chujio lilinganishe na ndiyo ya herufi ndogo. Ila hiyo haitibu Ndio dhidi ya Ndiyo, hiyo utaiongeza kama sharti la pili kwa `Or`. Angalia usibonyeze `And`, maana seli moja haiwezi kuwa Ndiyo na Ndio kwa wakati mmoja, na utarudi kule kule kwenye `Filtered` za kudumu.

Kitu cha mwisho ni kile cha historia kutokuonyesha kosa. Mimi siitegemei tena kujua oda ipi imekwama, kwa sababu `Filtered` halali na `Filtered` ya matatizo zinafanana kama mapacha. Mwisho wa mtiririko, baada ya meseji, nimeweka hatua ya `Update Spreadsheet Row` inayoandika saa kwenye kolamu ya Imetumwa ya mstari ule ule. Jioni nachuja jedwali: Imelipwa ni Ndiyo, Imetumwa iko tupu. Kikitokea kitu hapo, ndicho kilichokwama, na ndilo tukio nitakalolifungua. Na hii ndiyo sababu ya kukuambia usiache `Trigger Column` kwenye kolamu zote: mtiririko ukiandika Imetumwa, jedwali limebadilika, kichocheo kingewaka tena, na dereva angepata meseji ya pili ya oda ile ile.

Fungua tukio moja la Jumatatu, bandika hapa kilichomo kwenye `Data out` ya hatua ya kwanza pamoja na sharti la chujio kama lilivyoandikwa. Futa majina na namba za simu za wateja kwanza.